Kupanga upya ripoti ya jaribio la kuchemsha maji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanafunzi na walimu wenye ripoti ya jaribio iliyoandikwa kwa mkupuo mmoja, kama masimulizi, nao wanatakiwa kuipanga katika sehemu tano: lengo, vifaa, hatua, matokeo na hitimisho. Tumechukua jaribio moja tu, la kuchemsha maji huku jotoridi likipimwa, lililofanyika Tabora mjini. Kulifanya ni rahisi. Kuliandika ndiko kunakosumbua, na lina mtego unaowanasa zaidi wanafunzi wa Tabora na Kigoma kuliko wenzao wa pwani.

## Ripoti ya awali ilikuwaje?

Mfano tutakaoutumia mpaka mwisho ni huu, kama ulivyo kwenye daftari la mwanafunzi:

*"Tulichukua maji tukayaweka kwenye bika tukawasha taa ya spiriti. Yalianza kupata moto na mwanzoni kipimajoto kilisoma 26. Tulikuwa tunaangalia kila baada ya dakika mbili ikawa 43, halafu 58, halafu 71. Maji yalikuwa mililita 200. Dakika ya sita mapovu madogo yalionekana pembeni kwa hiyo maji yakaanza kuchemka. Kisha 82, 90, 95. Tulitumia stendi kushika kipimajoto kisiguse chini. Baadaye ikawa 96 ikabaki hapo hapo 96, 96 ingawa moto uliendelea kuwaka na mapovu makubwa yalikuwa yanatoka chini. Dakika ya 18 tulizima. Tulikoroga kabla ya kusoma. Tulikuwa tunataka kujua maji yanachemka kwenye jotoridi gani. Kwa hiyo maji huchemka nyuzi 100."*

Si ripoti mbaya. Karibu kila kinachohitajika kimo humo: kiasi cha maji, muda, vipimo kumi, hata tahadhari ya kutogusisha kipimajoto chini. Shida ni kwamba lengo limekuja karibu na mwisho, kiasi cha maji kimejitokeza katikati ya vipimo, na hitimisho linapingana na namba za mwandishi mwenyewe.

## Nianzie wapi kuipanga?

Usianze kuandika upya. Chukua penseli uisome ripoti ya zamani sentensi moja moja, na pembeni mwa kila sentensi uweke herufi: L kwa lengo, V kwa vifaa, H kwa hatua, M kwa matokeo, T kwa hitimisho. Sentensi ikibeba mambo mawili, ikate kwa mstari wa wima kisha kila kipande kipe herufi yake.

Tazama sentensi ya kwanza ya mfano wetu. "Tulichukua maji tukayaweka kwenye bika tukawasha taa ya spiriti" ni H mara mbili, kwa sababu kuweka maji ni kitendo kimoja na kuwasha taa ni kingine. Humo humo mna V tatu: maji, bika na taa ya spiriti. "Dakika ya sita mapovu madogo yalionekana pembeni kwa hiyo maji yakaanza kuchemka" inakatwa kwenye "kwa hiyo". Upande wa kushoto ni M, kitu kilichoonekana kwa macho. Upande wa kulia ni T, maoni ya mwandishi kuhusu alichokiona, na maoni hayo si sahihi, kama tutakavyoonyesha. Neno "kwa hiyo" ndani ya ripoti ya mkupuo karibu kila mara ndiyo sehemu ya kukata.

Ukimaliza, kusanya kila herufi mahali pake kwenye karatasi chakavu. Hapo ndipo utaona kilichopungua. Katika mfano huu haikutajwa ni maji ya wapi, saa ilianza kuhesabiwa lini, wala tofauti ndogo kabisa ambayo kipimajoto kinaweza kuonyesha. Waulize wanakikundi wenzako au tazama karatasi mlikoandikia vipimo mezani. Katika kikundi hiki ilipatikana kwamba yalikuwa maji ya bomba, saa ilianza pale taa ilipowekwa chini ya bika, na kipimajoto kina alama kila nyuzi 1. Jambo lisilopatikana liache. Kupanga upya hakukupi ruhusa ya kuongeza hatua ambayo haikufanyika, hata kama kitabu kinasema ilipaswa kufanyika.

## Lengo liandikwe vipi?

Sentensi moja, inayotaja kinachopimwa na kitu kinachopimwa. Mwandishi wetu alikuwa nalo tayari: "Tulikuwa tunataka kujua maji yanachemka kwenye jotoridi gani." Ondoa "tulikuwa tunataka", anza na kitenzi cha "ku-":

Lengo: Kutafuta jotoridi ambalo maji ya bomba huchemkia katika chombo cha wazi.

Maneno "chombo cha wazi" yana kazi yake. Maji yaliyofungiwa kwenye sufuria ya mgandamizo huchemka kwenye jotoridi la juu zaidi, hivyo bila maneno hayo lengo linadai zaidi ya jaribio lililofanyika.

## Naweza kuandika "kuthibitisha kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100"?

Hapana. Lengo la namna hiyo lina jibu ndani yake, na mwanafunzi akishaliandika hujikuta analazimika kulifikia. Ndivyo namba 96 zinavyogeuka 100 usiku wa kuamkia siku ya kukusanya madaftari. Mwalimu akiandika ubaoni kichwa cha "kuthibitisha", bado unaweza kukigeuza kuwa "kutafuta" bila kubadilisha jaribio lenyewe. Mwonyeshe kwanza ulivyokigeuza.

## Vifaa gani viorodheshwe, na vipi viachwe?

Orodhesha kila kitu ambacho mtu mwingine akikikosa hawezi kurudia jaribio, pamoja na ukubwa au kiasi chake pale kinapohusika. Kalamu, daftari na meza viache. Kiberiti kiweke.

Vifaa: maji ya bomba mililita 200, bika la mililita 250, silinda ya kupimia, kipimajoto chenye alama kutoka −10 °C hadi 110 °C, stendi na klampu, stendi ya miguu mitatu na wavu wa waya, taa ya spiriti na kifuniko chake, kiberiti, kijiti cha kioo cha kukorogea, saa inayoonyesha sekunde.

Vifaa kama silinda, wavu na kijiti havikutajwa kwa jina kwenye ripoti ya awali, lakini vitendo vinaonyesha kuwa vilikuwepo. Mililita 200 zilipimwa kwa kitu fulani, na maji yalikorogwa kwa kitu fulani. Unapomaliza kuandika hatua, rudi kwenye orodha hii ukague. Kila kitu kilichoguswa kwenye hatua kiwe kwenye vifaa, na kisichoguswa popote kitoke.

Kama mlitumia sufuria ndogo na jiko la mkaa kwa sababu bika na taa havikuwepo, andika sufuria na jiko la mkaa. Mkaa hutoa moto usio sawa, kwa hiyo jotoridi litapanda kwa kurukaruka, lakini jotoridi la kuchemkia halitegemei aina ya moto. Kinachopoteza alama ni kuandika bika la kioo wakati mlichotumia ni sufuria.

## Hatua zigawanywe vipi, na ziwe na namba ngapi?

Namba moja ibebe kitendo kimoja, au vitendo viwili visivyoweza kutenganishwa. Hakuna idadi maalumu. Kigezo ni hiki: mtu ambaye hakuwepo asome namba moja, aifanye, kisha asome inayofuata bila kurudi nyuma. Ripoti yetu inazaa hatua nane:

1. Mililita 200 za maji ya bomba zilipimwa kwa silinda na kumiminwa kwenye bika.
2. Bika liliwekwa juu ya wavu wa waya kwenye stendi ya miguu mitatu.
3. Kipimajoto kilishikizwa kwa klampu, tungi yake ikiwa ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni mwa bika.
4. Jotoridi la mwanzo lilisomwa na kuandikwa.
5. Taa ya spiriti iliwashwa, ikawekwa chini ya bika, na saa ikaanza kuhesabu papo hapo.
6. Kila baada ya dakika 2 maji yalikorogwa taratibu kwa kijiti, kisha jotoridi likasomwa na kuandikwa.
7. Hatua ya 6 ilirudiwa mpaka jotoridi lilipobaki lilelile katika usomaji wa mara tatu mfululizo.
8. Taa ilizimwa kwa kuifunika kwa kifuniko chake.

Linganisha hatua ya 3 na sentensi ya awali, "Tulitumia stendi kushika kipimajoto kisiguse chini." Ilikuwa imetupwa katikati ya vipimo, kana kwamba ilifanyika dakika ya 13. Kwenye hatua imerudi mahali ilipofanyika kweli, kabla moto haujawashwa. Sentensi za namna hii, ambazo mwandishi alizikumbuka amechelewa, ndizo zinazohitaji kuhamishwa zaidi. "Tulikoroga kabla ya kusoma" nayo imetoka mwisho ikaingia hatua ya 6.

Hatua ya 7 imeokoa mistari mingi. Bila hiyo ungeandika "dakika ya nne tulisoma, dakika ya sita tulisoma" mpaka dakika ya 18. Kitendo kinachojirudia kiandike mara moja, useme kinarudiwa kila baada ya muda gani na kinakoma lini. Kikomo kisipotajwa, mtu mwingine ataacha dakika ya 12 kwenye 95 akidhani amemaliza.

## "Tulipima", "lilipimwa" au "pima"?

Chagua umbo moja ubaki nalo. "Pima maji" ni maelekezo kwa mtu atakayefanya. Ripoti ni taarifa ya kilichokwisha fanyika, hivyo "tulipima" na "yalipimwa" yote yanakubalika. Hapa tumetumia "yalipimwa" kwa kuwa jicho la msomaji hukaa kwenye maji na vifaa. Kama mwalimu wako anataka "tulipima", hakuna kinachoharibika. Kinachochosha kusoma ni hatua ya 1 kuwa "pima", ya 2 "tuliweka" na ya 3 "kipimajoto kinashikizwa".

## Kwa nini "kipimajoto kilisoma 26" kisiwe kwenye hatua?

Kwa sababu 26 ni kile jaribio lilichokuambia. Hatua ni "jotoridi la mwanzo lilisomwa". Namba yenyewe ni matokeo. Ukiiacha namba kwenye hatua, mtu atakayerudia jaribio asubuhi yenye baridi na kupata 22 atadhani amekosea. Mililita 200 na dakika 2 ni tofauti, kwa kuwa hizo mlizichagua wenyewe kabla ya kuanza. Namba mliyoichagua inakwenda kwenye hatua, na namba mliyoipata inakwenda kwenye jedwali.

## Tahadhari ziwekwe wapi?

Ziweke ndani ya hatua zinazohusika, au mstari mmoja chini ya hatua zote kama shule yako inataka sehemu ya tahadhari. Kwa jaribio hili zinatosha tatu: usijaze spiriti kwenye taa ikiwa inawaka, usikoroge kwa kipimajoto kwa sababu tungi yake ni nyembamba na huvunjika, na usikitoe kipimajoto kwenye maji ya moto ukakitia kwenye ya baridi.

## Jedwali la matokeo lichorwe vipi?

Safu ya kushoto iwe ya kitu mlichokiendesha ninyi, yaani muda. Safu inayofuata iwe ya kitu mlichokisoma, yaani jotoridi. Vipimo vya uniti viandikwe kwenye kichwa cha safu mara moja tu, na ndani ya safu zibaki namba tupu. Safu ya tatu iwe ya mambo yaliyoonekana, kwa sababu katika kuchemka macho yanasema jambo ambalo kipimajoto peke yake hakilisemi.

Matokeo: Jotoridi la maji kadiri muda ulivyopita

| Muda (dakika) | Jotoridi (°C) | Kilichoonekana |
|---|---|---|
| 0 | 26 | Maji yametulia |
| 2 | 43 | – |
| 4 | 58 | – |
| 6 | 71 | Mapovu madogo yameshika pembeni mwa bika |
| 8 | 82 | – |
| 10 | 90 | – |
| 12 | 95 | – |
| 14 | 96 | Mapovu makubwa yanatoka chini |
| 16 | 96 | Mapovu makubwa yanatoka chini |
| 18 | 96 | Mapovu makubwa yanatoka chini |

Sasa soma safu ya katikati kutoka juu kwenda chini. Katika dakika mbili za kwanza jotoridi lilipanda kwa nyuzi 17, zilizofuata 15, kisha 13, 11, 8, 5, 1, halafu likasimama. Hilo halikuonekana hata kidogo kwenye ripoti ya mkupuo, ambako namba zilitawanywa kati ya maneno. Kupungua huko kunaeleweka: kadiri maji yanavyozidi kuwa ya moto kuliko hewa ya chumba, ndivyo yanavyopoteza joto kwa kasi zaidi, kwa mvuke na kupitia kuta za bika, ilhali moto wa taa haubadiliki sana.

Makosa ya kawaida kwenye jedwali ni kuandika "26°C, 43°C, 58°C" kwenye kila kisanduku, kusahau usomaji wa dakika 0, na kuchanganya "dakika 2" na "sekunde 120" kwenye safu moja. Lingine ni kuandika 95.75 wakati kipimajoto kina alama kila nyuzi 1. Kwa kipimajoto cha namna hiyo unaweza kukadiria nusu ya alama, si zaidi.

## Usomaji mmoja ulirukwa. Niujaze kwa kukadiria?

Weka kistari kwenye kisanduku hicho, na chini ya jedwali uandike "dakika ya 8 haikusomwa". Jotoridi lilikuwa linapanda kwa mwendo unaoeleweka, kwa hiyo pengo moja halivunji ripoti. Namba ya kukisia ikiingia kwenye jedwali haiwezi tena kutofautishwa na zilizopimwa, na jedwali zima linakuwa la kutiliwa shaka.

## Tulipata 96 na kila mtu anajua ni 100. Tumekosea wapi?

Inawezekana hamkukosea popote. Swali hili linastahili jibu refu kuliko yote, kwa kuwa hapa ndipo ripoti nyingi nzuri za Tabora na Kigoma zinapoharibiwa na waandishi wake.

Nyuzi 100 ni jotoridi la kuchemka kwa maji safi pale kanieneo ya hewa inapokuwa ile ya kawaida ya usawa wa bahari. Maji huchemka pale mvuke unaojitengeneza ndani yake unapokuwa na nguvu sawa na hewa inayoyakandamiza kutoka juu. Ukipanda juu ya usawa wa bahari, hewa iliyobaki juu yako ni kidogo na kanieneo yake hupungua, kwa hiyo mvuke hauhitaji kufika nyuzi 100 ili uishinde. Kwa miinuko ya kwetu, makadirio mazuri ni kwamba jotoridi la kuchemka hushuka karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300 unazopanda.

Tabora mjini ipo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Gawanya 1,200 kwa 300 upate 4. Toa 4 kwenye 100, unabaki na 96. Namba aliyoipata mwanafunzi wetu ndiyo hasa inayotarajiwa mahali aliposimama. Aliyefanya jaribio hilohilo Dar es Salaam, kando ya bahari, atapata karibu 100. Reli ya Kati inatoka Dar es Salaam, inapanda hadi Tabora, kisha inashuka hadi Kigoma ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Pale Kigoma mjini hesabu hiyohiyo inatoa kati ya 97 na 98.

Basi usiguse jedwali. Ukiandika 100 kwenye dakika ya 14, 16 na 18, mwalimu makini ataona jotoridi limeruka nyuzi 5 kwa dakika mbili baada ya kupanda 8 kisha 5, na atajua kwamba namba hizo hazikutoka kwenye kipimajoto.

## Nitajuaje kwamba si kipimajoto kibovu?

Kikague kwenye barafu. Ponda barafu, itie kwenye kikombe na maji kidogo, koroga, kisha zamisha tungi ya kipimajoto na usubiri mpaka usomaji utulie. Kinapaswa kusoma 0 °C, kwa kuwa mwinuko hauhamishi jotoridi la kuyeyuka kwa barafu kiasi cha kuonekana kwenye kipimajoto cha shule. Kikisoma 2, andika chini ya jedwali kwamba kipimajoto kilisoma nyuzi 2 zaidi kwenye barafu, lakini acha vipimo kama vilivyosomwa. Vipimajoto vya shule kupishana kwa nyuzi 1 ni jambo la kawaida, kwa hiyo kikundi kingine Tabora kikipata 95 au 97 hakuna ugomvi.

Tofauti kubwa zaidi huwa na sababu inayotafutika. Usomaji ukipita 100 hapa Tabora, mara nyingi tungi ilikuwa inagusa chini ya chombo, ambako ni karibu zaidi na moto, hasa kwenye sufuria. Ukigota chini ya 93, angalia kama tungi ilizama yote, maana maji hupungua yanapochemka na huweza kuiacha nje nusu. Angalia pia kama msomaji aliinama mpaka jicho likawa sawa na alama, kwa sababu kusoma ukiwa umesimama, kutoka juu, hubadilisha namba.

## Mapovu ya dakika ya sita si kuchemka?

Si kuchemka. Maji ya bomba yana hewa iliyoyeyuka ndani yake, na maji yakipata moto hayawezi kuishika hewa hiyo yote, hivyo hutoka kama mapovu madogo yanayong'ang'ania kuta za chombo. Jotoridi wakati huo lilikuwa 71 na liliendelea kupanda. Mapovu ya kuchemka ni ya mvuke. Ni makubwa, yanaanzia chini, yanapanda na kupasukia juu bila kukoma. Ushahidi usiobishaniwa ni kipimajoto kusimama ingawa moto unaendelea. Katika jedwali letu ishara hizo mbili zimekutana kuanzia dakika ya 14.

Kwa hiyo unapopanga upya, weka "mapovu madogo yameshika pembeni" kwenye safu ya kilichoonekana, na maneno "kwa hiyo maji yakaanza kuchemka" yafute. Huo ni uamuzi wa mwandishi ambao jedwali lake mwenyewe linaukataa.

## Hitimisho liseme nini?

Lijibu lengo kwa namba iliyo kwenye jedwali, na liseme namba hiyo imetambuliwa kwa dalili gani. Weka lengo na hitimisho pamoja usome moja baada ya jingine. Yakisomeka kama swali na jibu lake, umepatia.

Hitimisho: Maji ya bomba katika chombo cha wazi yalichemka kwenye jotoridi la 96 °C hapa Tabora. Kuanzia dakika ya 14 hadi ya 18 jotoridi halikubadilika ingawa moto uliendelea, kwa sababu joto lililoingia lilitumika kugeuza maji kuwa mvuke. Jotoridi hili ni pungufu ya 100 °C kwa kuwa Tabora ipo juu ya usawa wa bahari na kanieneo ya hewa ni ndogo.

Usiingize kipimo ambacho hakimo kwenye jedwali, wala usirudie hatua. "Maji huchemka nyuzi 100" hairudi kwa sura yoyote, kwa kuwa jaribio hili halikuonyesha hivyo. Kama shule yako inatenganisha majadiliano na hitimisho, sentensi ya kwanza inabaki kwenye hitimisho na mbili zinazofuata zinahamia kwenye majadiliano.

## Grafu inahitajika?

Ikiwa imetakiwa, chora muda kwenye mhimili wa chini na jotoridi kwenye mhimili wa kusimama, uanzie 20 hadi 100. Unganisha nukta kwa mkunjo laini, na sehemu ya 96 iwe mstari ulionyooka wa kulala. Grafu haichukui nafasi ya jedwali. Vyote viwili vinakaa chini ya matokeo.

## Wanakikundi sita wana jedwali moja. Ripoti zetu zitafanana?

Jedwali litafanana, na linapaswa kufanana, kwa kuwa vipimo ni vya kikundi. Hatua na hitimisho kila mtu aziandike kwa maneno yake. Mwalimu akiona makosa yaleyale ya herufi kwenye madaftari sita, jedwali halina lawama.

## Jaribio letu lilifanyika mkoa wa Kigoma. Nibadilishe nini kwenye mfano huu?

Mpangilio hautabadilika. Jedwali litakuwa na namba zenu, na hitimisho litataja mahali penu. Ila usiandike 97 kwa sababu tu umeisoma hapa. Hesabu hiyo ni ya mji wa Kigoma, karibu na ziwa. Kasulu na Kibondo ziko juu zaidi ya ziwa, na maji huko huchemka kwenye jotoridi la chini kuliko mjini Kigoma. Tafuta mwinuko wa mahali shule ilipo, ugawanye kwa 300, utoe jibu kwenye 100, kisha ulinganishe na kipimajoto chenu. Hesabu hiyo iweke kwenye hitimisho au majadiliano, na kwenye jedwali ubaki na namba mlizosoma.